Kubadili nyuzi za gitaa la akustika mpaka zitulie kwenye noti

Gitaa limevalishwa nyuzi mpya, limetyuniwa vizuri, nyimbo mbili baadaye limeshaachia. Unatyuni tena, linaachia tena. Hapo wengi husema nyuzi mpya "zinavutika", na kwamba dawa ni kusubiri siku kadhaa. Kwa nyuzi za nailoni hilo ni kweli kabisa. Kwa nyuzi za chuma, ambazo ndizo ninazozungumzia hapa, ni kweli kidogo tu. Waya wa chuma ukishafika kwenye noti yake huwa umerefuka kiasi chake na hauendelei kurefuka kwa namna ya kukusumbua. Kinachosogea ni mahali uliposhikwa: kule chini kwenye pini, kule juu kwenye nguzo ya ufunguo, na kwenye kona mbili unapopindia juu ya mifupa, mmoja kwenye briji na mwingine kati ya shingo na kichwa.

Ulegevu unaotosha kuharibu mambo ni mdogo mno. Chukua uzi wa pili, ule wa B, katika seti ya kawaida inayoanzia 0.012 ya inchi. Ukiukaza kutoka hali ya kulegea hadi kwenye noti yake, unarefuka milimita 3 hivi kwa urefu wake wote. Noti ikishuka nusu toni, mkazo umepungua kwa asilimia 11 hivi, nayo asilimia 11 ya milimita 3 ni theluthi moja ya milimita. Yaani uzi ukiteleza mahali fulani kwa theluthi ya milimita, B imekuwa A kali. Uzi wa kwanza, kwa kuwa ni mwembamba na umevutwa zaidi, unasamehe kidogo: unahitaji kuachia zaidi kidogo ya nusu milimita ndipo ushuke kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kutafuta hizo theluthi za milimita na kuzimaliza mapema, nyingi zikimalizwa wakati wa kufunga, zinazobaki kwa kuvuta.

Kutoa nyuzi za zamani

Unahitaji plaizi ya kukatia waya, tyuna (ya kubana kichwani au ya kwenye simu, zote zinafaa), penseli ya kawaida na kitambaa. Kizungushio cha funguo kinaharakisha kazi, lakini si lazima.

Legeza nyuzi zote kwanza mpaka ziwe zinaning'inia. Usikate uzi ukiwa umekazwa. Seti nzima ya nyuzi sita inavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, na waya uliokatwa ukiwa na mkazo huo unaruka na kuchoma. Kuna wanaoshikilia kwamba lazima ubadili uzi mmoja mmoja ili shingo isishtuke. Kwa gitaa la kawaida lenye briji iliyogundishwa, sioni sababu. Toa zote, upate nafasi ya kufuta ubao wa freti, kisha uendelee. Gitaa ambalo briji yake haikugundishwa bali imeshikwa na nyuzi zenyewe, hilo ndilo la kubadili moja moja, maana ukitoa zote briji inahama.

Pini za briji zikigoma kutoka, usizing'oe kwa plaizi kwa nguvu, zitameguka kichwa. Sukuma uzi uliolegea kuingia ndani ya tundu kidogo ili kile kigololi cha shaba mwishoni mwa uzi kiachie pini, kisha inyanyue. Ikikataa bado, ingiza mkono kwenye tundu la sauti na uisukume kutoka chini kwa kitu butu.

Nyuzi zikiwa zimetoka, chukua penseli na usugue ncha yake ndani ya kila mfereji wa mfupa wa juu, ule ulio kati ya shingo na kichwa. Unga wa penseli unausaidia uzi kuteleza pale badala ya kunasa. Sababu tutaiona mbele.

Kigololi kikae wapi

Hapa ndipo nyuzi nyingi huharibiwa kabla hata ya kufika kichwani. Watu hudhani pini ndiyo inayoubana uzi usitoke, kama kizibo kinavyobana mdomo wa chupa, kwa hiyo wanaigonga iingie kwa nguvu. Sivyo inavyofanya kazi. Kinachoshika uzi ni kigololi, na kinachokishika kigololi ni ubao mgumu uliogundishwa chini ya briji, ndani ya tumbo la gitaa. Pini inakaa pale ili kukisukuma kigololi pembeni tu, kisiweze kurudi juu kupitia tundu lilelile kilichoingilia.

Kwa hiyo fanya hivi. Pinda ncha ya uzi kidogo, sentimita moja hivi kutoka kwenye kigololi, ili kielekee pembeni. Ingiza kigololi tunduni kwa sentimita 2 au 3. Weka pini, mfereji wake ukitazama mbele, upande wa tundu la sauti, ili uzi upite ndani ya mfereji huo. Shikilia pini kwa kidole gumba bila kuigandamiza sana, na kwa mkono wa pili vuta uzi juu taratibu. Utahisi kigololi kikipanda, kikigusa ubao wa ndani, kisha kikisimama. Hapo ndipo usukume pini ishuke mpaka mwisho.

Vuta uzi tena kwa nguvu ya wastani. Pini ikinyanyuka hata kidogo, kigololi kimekaa chini ya ncha ya pini badala ya kukaa pembeni yake kikigusa ubao. Ukiacha hivyo, pini itakuwa inapanda polepole kadiri unavyokaza, na uzi hautatulia kamwe. Siku nyingine itaruka kabisa. Toa, pinda ncha upya, rudia. Ukitaka uhakika, ingiza mkono ndani ya gitaa uguse: kigololi kinatakiwa kuwa kimebanana na ubao, kando ya pini. Picha ya simu iliyopigwa kupitia tundu la sauti nayo inaonyesha vizuri.

Mizunguko kwenye nguzo

Sasa kichwani. Geuza ufunguo mpaka tundu la nguzo lielekee shingo, pitisha uzi kutoka upande wa ndani wa kichwa kwenda nje, uvute ukae sawasawa, halafu urudishe nyuma kiasi cha ulegevu unachokihitaji.

Kiasi gani? Nguzo nyingi zina kipenyo cha karibu milimita 6, kwa hiyo mzunguko mmoja unakula karibu milimita 19 za uzi. Nyuzi nene zilizozungushiwa waya, yaani wa sita hadi wa tatu, zinatosheka na mizunguko miwili na nusu, ambayo ni kama sentimita 5 za ulegevu. Uzi wa kwanza na wa pili ni laini na unateleza kirahisi zaidi, hivyo uupe mizunguko mitatu na nusu, karibu sentimita 7. Njia ya haraka ya kupima ni kuvuta uzi mpaka ukaze, kisha kuushika pale unapoingia tunduni na kuurudisha nyuma kwa urefu huo.

Mizunguko mingi haiongezi ushikaji, inaongeza mashaka. Kila mzunguko una nafasi yake ndogo kati ya waya na nguzo, na mzunguko ukikaza kuelekea nguzo kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, unaachia zaidi ya nusu milimita ya uzi. Linganisha na ile theluthi ya uzi wa B. Gitaa lenye mizunguko saba iliyopandana ovyo juu ya nguzo lina akiba ya ulegevu ya wiki nzima, na hakuna kuvuta kutakakolimaliza upesi.

Kwa nyuzi mbili nyembamba, funga kifundo kidogo. Mkia uliotoka upande wa nje wa nguzo uzungushe kwa kupitia upande wa ncha ya kichwa mpaka uje ndani, upitishe chini ya uzi wenyewe, kisha uukunje juu yake. Ukianza kukaza, uzi utalala juu ya mkia wake na kuubana. Nyuzi nene hazihitaji hilo. Zinapopinda kwa ukali kwenye mdomo wa tundu zinajishika zenyewe.

Kaza ukiwa umeushika uzi kwa mkono wa kulia juu ya freti za mwanzo, ukiuvutia nyuma kidogo muda wote ili usipande ovyo. Kila mzunguko mpya ulale chini ya uliotangulia, ukishuka kuelekea ubao wa kichwa, bila kupandana. Kwa kichwa chenye funguo tatu kila upande, uzi upite upande wa ndani wa nguzo. Ukiona umetokea upande wa nje, umegeuza ufunguo kinyume.

Usikate mkia bado. Na utakapoukata, baada ya uzi kufika kwenye noti, uwe tayari umepindwa kwa ukali pale unapotoka tunduni. Kuna nyuzi ambazo waya wa juu unaweza kuanza kufunguka kutoka kwenye kiini ukikatwa kabla ya kupindwa, na uzi wa namna hiyo hulia kwa sauti butu maisha yake yote. Acha milimita 3 au 4 hivi.

Kuufikisha kwenye noti

Panda na nyuzi zote kwa pamoja, si kumaliza moja ndipo uende nyingine. Zilete karibu toni moja chini ya mahali pake, kisha zipandishe hadi kwenye noti: E, A, D, G, B, E. Rudi mwanzo uanze tena, kwa sababu utakapokuwa umefika kwenye wa mwisho, wa kwanza kukazwa utakuwa umeshuka. Hiyo si kasoro ya kufunga. Mbao zinaupokea mzigo: shingo inapinda kidogo sana, uso wa gitaa unanyanyuka kidogo sana, na nyuzi zilizotangulia zinapoteza mkazo kwa sababu ya zile zilizofuata. Mizunguko miwili au mitatu ya kutyuni inatosha hilo litulie.

Sikiliza wakati wa kupanda. Ukisikia mlio mfupi wa "ting" kutoka kwenye mfupa wa juu na sindano ya tyuna ikaruka ghafla, uzi ulinasa kwenye mfereji, ukakusanya mkazo upande wa funguo, kisha ukaachia wote kwa mara moja. Ndiyo maana tulipaka penseli. Kama mlio unaendelea hata baada ya penseli, mfereji ni mwembamba kuliko uzi, na unahitaji kupanuliwa na fundi mwenye faili zake. Hilo hutokea sana mtu anapohamia seti nene kuliko aliyoizoea.

Na kila mara malizia kwa kupanda. Uzi ukipita juu ya noti, ushushe chini kabisa ya noti kisha upandishe tena. Meno ya ufunguo yana nafasi kidogo kati yake, na ukiishia kwa kushuka, nafasi hiyo inabaki wazi nyuma ya uzi. Pigo la kwanza la nguvu litaifunga, na noti itashuka.

Kuvuta

Sasa nyuzi ziko kwenye noti, na ulegevu uliobaki ni ule ambao macho hayauoni. Kuvuta ni kuuongezea uzi mkazo kwa muda mfupi, kupita ule wa kawaida, ili kila kilichokuwa kinangoja kuteleza kiteleze sasa hivi.

Anza kwa kona mbili. Bonyeza uzi kwa kidole gumba kuelekea chini, mara moja, hapo hapo mbele ya mfupa wa briji, kwa upole. Halafu fanya vivyo hivyo kando ya mfupa wa juu, upande wa freti. Waya mpya unapenda kupita juu ya mfupa kwa tao badala ya kona, na tao hilo hunyooka lenyewe pole pole ukiwa unapiga. Wewe unalinyoosha kwa sekunde moja.

Kisha shika uzi kwa kidole gumba na cha shahada kwenye freti ya 12, unyanyue kutoka kwenye ubao kwa sentimita 1 na nusu hivi, shikilia kwa sekunde 2 au 3, achia taratibu. Sogea hadi juu ya tundu la sauti, rudia. Sogea hadi freti ya 5, rudia. Usipite sentimita 2 pale katikati ya uzi, na karibu na ncha zake usifike hata hapo, kwa sababu huko uzi hauna urefu wa kugawana mvuto. Uzi wa kwanza na wa tatu uwaangalie zaidi: wa kwanza ni mwembamba, na wa tatu, ingawa unaonekana mnene, kiini chake ni chembamba sana chini ya waya wake wa juu. Wanaokata nyuzi kwenye hatua hii ni wale wanaozirarua kama wanajaribu nguvu zao. Kinachotafutwa ni kigololi kipande na mizunguko ibane, si chuma kirefuke.

Baada ya kila raundi, tazama tyuna kabla hujagusa ufunguo. Soma uzi umeshuka kiasi gani, uandike au uukumbuke, ndipo uurudishe kwenye noti. Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo inayokuambia kila kitu.

Tuseme ni ule ule uzi wa B, umefungwa vizuri, uko kwenye 247 Hz. Tyuna nyingi zinaonyesha senti, na nusu toni moja ni senti 100. Baada ya raundi ya kwanza tyuna inaweza kukuonyesha A kali, yaani umeshuka senti 100 nzima. Usishtuke, ni theluthi moja ya milimita tu imetoka. Unaurudisha, unavuta tena: umeshuka senti 40. Tena: 15. Tena: 4. Kwenye senti 4 au 5 simama. Sikio la mtu anayepiga chodi halitaisikia tofauti hiyo, na kuendelea kuvuta kunauchosha uzi bure.

Unachotazama ni mwendo wa namba. Uzi unaotulia hupunguza kushuka kila raundi, mara nyingi hushuka nusu ya mara iliyopita au chini yake. Uzi wenye tatizo hushuka 90, kisha 80, kisha 95. Huo hautulii, unateleza, na raundi ya kumi itafanana na ya pili. Acha kuvuta, utafute unapotelezea. Chora alama ndogo ya kalamu ya wino mzito kwenye uzi pale unapoingia tundu la nguzo, au kwenye mkia unapotoka. Vuta raundi moja. Alama ikihama, uzi unatelezea nguzoni: legeza, ongeza mzunguko mmoja au funga kile kifundo. Alama ikikaa palepale, nenda chini uangalie pini. Karibu kila mara utaikuta imenyanyuka kidogo kuliko zenzake, na kigololi kiko kwenye ncha yake.

Inawezekana pia uzi ukapanda baada ya kuvuta, badala ya kushuka. Huo umenasa kwenye mfereji wa mfupa wa juu: mkazo uliokuwa umezuiliwa upande wa funguo umevuka kuja upande wa kupigia. Rudia penseli.

Nyuzi nene hufika mapema. Wa sita na wa tano kwa kawaida hutulia kwenye raundi ya pili au ya tatu, kwa hiyo usizipe zote sita idadi sawa ya mivuto kwa ajili ya usawa tu. Kila uzi unaacha pale namba zake zinapokwambia.

Kuthibitisha

Kata mikia sasa. Piga chodi kwa nguvu kwa dakika tano, ukiwa unapinda nyuzi nyembamba kwenye freti ya tatu na ya tano kama unavyopinda kwenye solo, kisha tyuni mara ya mwisho. Liache gitaa usiku kucha palepale lilipo.

Asubuhi pima kabla ya kugusa chochote. Nyuzi zote sita zikiwa zimeshuka au zimepanda kwa pamoja, hilo ni joto la chumba na mbao, na halihusiani na ulivyofunga. Tyuni, endelea. Lakini nyuzi tano zikiwa mahali pake na mmoja peke yake umeshuka senti 20 au zaidi, huo una jambo lake, na kuuvuta tena ni kupoteza muda. Ulegeze, toa pini yake, uanze nao upya kuanzia kwenye kigololi.